Kufukua Habari Iliyozikwa Ndani ya Taarifa

Tarehe 21 Machi 2019 kampuni ya Facebook ilitoa taarifa kwa umma ambayo kichwa chake, kwa Kiswahili, ni kama kusema "Kuziweka Nywila Salama". Mtu akikiona kichwa hicho anatarajia mawaidha: usitumie tarehe ya kuzaliwa, usimpe mtu neno lako la siri. Mawaidha yamo kweli, tena hayakuwa machache. Lakini taarifa ile haikutolewa kwa ajili ya mawaidha. Ilitolewa kwa sababu kampuni ilikuwa imegundua kwamba nywila za watumiaji wake zilihifadhiwa kwenye mifumo yake ya ndani zikiwa zinasomeka wazi, herufi kwa herufi, kama kila mwenye nywila alivyoiandika.

Siku hiyohiyo Brian Krebs, mwandishi wa Kimarekani anayefuatilia usalama wa mitandao, alichapisha habari ileile kwa kumtegemea mtu aliyekuwa ndani ya kampuni. Kwa hiyo tuna maandishi mawili juu ya jambo moja, moja la kampuni na jingine la mwandishi. Ukiyaweka bega kwa bega unaona wazi kazi ambayo mhariri hufanya kila taarifa kwa vyombo vya habari inapotua mezani kwake: kutafuta tangazo lililozikwa, kuuliza mambo ya msingi yaliyoachwa, na kufuta sifa zisizobeba kitu. Nimeichagua taarifa hiyo kwa sababu ina yote matatu, na kwa sababu walioguswa zaidi ni watu wanaotumia mtandao kama wengi wetu tunavyoutumia.

Kwanza tuelewe kosa lenyewe, maana mhariri asiyelielewa jambo hawezi kujua limezikwa wapi. Kampuni yenye mfumo mzuri haihifadhi nywila yako kama ulivyoiandika. Inaipitisha kwenye hesabu maalumu inayoigeuza kuwa mfululizo wa herufi na tarakimu usio na maana kwa msomaji, na hicho ndicho kinachowekwa. Ukirudi kesho kuingia kwenye akaunti, nywila unayoandika inapitishwa kwenye hesabu ileile, halafu matokeo mawili yanalinganishwa. Mahindi yakishasagwa huwezi kuurudisha unga uwe punje, na nywila nayo ndivyo inavyotakiwa kuwa: hata mfanyakazi wa kampuni akifungua hifadhi, asiweze kuisoma. Facebook ilikuwa na mfumo wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba kando ya mfumo huo, kwenye kumbukumbu nyingine za ndani, nywila zilikuwa zikinaswa na kuhifadhiwa kabla ya kusagwa.

Sasa tusome aya ya kwanza ya taarifa. Ilieleza kwamba katika ukaguzi wa kawaida wa usalama mwezi Januari, kampuni iligundua baadhi ya nywila za watumiaji zimehifadhiwa katika hali ya kusomeka ndani ya mifumo yake. Ikaongeza kwamba tatizo limekwisha kurekebishwa, na kwamba wahusika watajulishwa kama hatua ya tahadhari. Aya ya pili ikaanza kwa kutuliza: nywila hazikuonekana na mtu yeyote wa nje, wala hapakuwa na ushahidi kwamba mtu wa ndani alizitumia vibaya. Ni baada ya hapo ndipo hesabu ikatajwa. Kampuni ilikadiria kwamba ingewajulisha mamia ya mamilioni ya watumiaji wa Facebook Lite, makumi ya mamilioni ya watumiaji wengine wa Facebook, na makumi ya maelfu ya watumiaji wa Instagram.

Rudi sasa kwenye aya ya kwanza uangalie neno "baadhi". Mamia ya mamilioni ya watu walikuwa ndani yake. Neno lenyewe si la uongo, kwani mamia ya mamilioni ni baadhi ya mabilioni. Lakini msomaji aliyeishia aya ya kwanza, na wengi huishia hapo, aliondoka akidhani ni hitilafu ndogo iliyokwisha kurekebishwa.

Kuzika habari kuna namna mbili, na hii ni ya pili. Ya kwanza ndiyo inayojulikana zaidi: tangazo linasukumwa mbali, chini kabisa. Mfano wake maarufu ni waraka wa Stephen Elop kwa wafanyakazi wa Microsoft wa tarehe 17 Julai 2014, miezi michache baada ya kampuni hiyo kununua biashara ya simu za Nokia. Waraka ulianza kwa salamu nyepesi, ukapita kwenye mikakati, falsafa ya vifaa na mipango ya simu za Lumia. Aya kama kumi zilitangulia kabla msomaji hajafika kwenye sentensi iliyosema kwamba watu wapatao 12,500 wangepoteza kazi. Hapo mhariri hana kazi ngumu, ilimradi asome mpaka mwisho. Namna ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu tangazo linakuwa mbele ya macho yako, ila limevikwa kichwa cha mawaidha na neno la kupunguza uzito. Ukisoma haraka utadhani umeliona.

Ndiyo maana wahariri wazoefu hawaianzi taarifa kwenye kichwa chake. Wanaipitia wakitafuta vitu vitatu: tarakimu, tarehe, na mtu ambaye maisha yake yatabadilika kesho kutwa. Mahali vitatu hivyo vinapokutana, au vinapotakiwa kukutana na havikutani, ndipo habari ilipo. Kwenye taarifa ya Facebook tarakimu ilikuwepo, japo bila hesabu kamili. Mtu alikuwepo: mtumiaji wa Facebook Lite. Taarifa yenyewe ilisema kwamba toleo hilo hutumiwa zaidi na watu wa maeneo yenye mtandao hafifu. Hiyo ndiyo Facebook ya simu ya bei nafuu, ya mtu anayehesabu bando. Mhariri wa Mwanza, Kisumu au Bukavu aliyeinakili habari hiyo kutoka mashirika ya kigeni bila kusimama kwenye jina hilo aliwaacha wasomaji wake wakidhani ni mambo ya Wamarekani.

Kilichopungua ni tarehe, na hapa tunaingia kwenye mambo ya msingi yaliyoachwa. Kila mwanafunzi wa uandishi wa habari anayajua maswali ya nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Taarifa ilijibu "lini" moja: tatizo lilionekana Januari. Lakini jambo hili lina "lini" tatu. Lilianza lini? Liligunduliwa lini? Na walioguswa wameambiwa lini? Ya kwanza haikutajwa kabisa. Krebs aliitaja: kwa mujibu wa chanzo chake, baadhi ya kumbukumbu hizo zilirudi nyuma hadi mwaka 2012. Kati ya kugundua Januari na kutangaza Machi pia kulikuwa na pengo, na taarifa haikueleza kwa nini.

Swali jingine lililokosa jibu ni nani aliweza kuzisoma. Taarifa ilisema hakuna wa nje, na hapohapo ikanyamaza kuhusu wa ndani ni wangapi. Krebs aliandika kwamba wafanyakazi zaidi ya 20,000 wangeweza kuzitafuta nywila hizo, na kwamba wahandisi wapatao 2,000 walikuwa wamefanya utafutaji wa ndani kama milioni tisa uliogusa data zenye nywila zinazosomeka. Hilo halithibitishi kwamba kuna aliyeiba. Wengi huenda walikuwa wakishughulika na kazi zao nyingine. Lakini linabadilisha kabisa maana ya maneno "hatuna ushahidi wa matumizi mabaya". Ukisikia maneno hayo, swali linalofuata ni moja: mmeutafuta kwa njia gani? Kutokuwa na ushahidi baada ya uchunguzi wa kina ni jambo moja, na kutokuwa nao kwa sababu hakuna aliyetazama ni jambo jingine, ila sentensi inayoyaeleza ni ileile.

Sifa ndizo rahisi kuliko yote. Sehemu kubwa ya taarifa ilieleza jinsi kampuni inavyolinda nywila: mbinu za kuzisaga, jinsi inavyotambua mtu anayejaribu kuingia kutoka kifaa kigeni, na ushauri wa kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Kabla ya hapo kulikuwa na sentensi isemayo kwamba hakuna jambo muhimu zaidi kwa kampuni kuliko kulinda taarifa za watu. Kipimo cha sentensi kama hiyo ni kujiuliza kama kuna kampuni yoyote duniani ingesema kinyume chake. Kama hakuna, sentensi haina habari, na mhariri anaifuta bila kumwonea mtu. Ushauri wa kubadilisha nywila ungebaki, kwa kuwa unamsaidia msomaji, lakini mwishoni na kwa sentensi moja.

Basi mhariri aliyekuwa na taarifa ile peke yake asubuhi ile, bila Krebs, angeandika nini? Mimi ningeanza hivi: "Facebook imekiri kuwa ilihifadhi nywila za mamia ya mamilioni ya watumiaji wake, wengi wao wa Facebook Lite, katika hali ya kusomeka ndani ya mifumo yake. Kampuni inasema iligundua kosa hilo Januari, imelirekebisha, na haijapata ushahidi kuwa nywila zilitumiwa vibaya. Haikusema kosa lilianza lini wala ni wafanyakazi wangapi waliweza kuziona."

Angalia sentensi ya tatu. Mambo yaliyokosekana hayaachwi hewani. Msomaji anaambiwa kwamba yamekosekana. Angalia pia nilichokwepa. Kuna mhariri ambaye, akishaona kampuni inapunguza uzito wa jambo, anaongeza uzito wake mwenyewe na kuandika "Facebook yavujisha nywila". Hiyo si kweli. Kuvuja ni kutoka nje, na hakuna aliyeonyesha kwamba zilitoka. Kufuta chumvi ya afisa uhusiano halafu ukamwaga ya kwako ni kumdanganya msomaji yuleyule.

Kisa hakikuishia hapo. Tarehe 18 Aprili 2019 kampuni ilirudi kwenye taarifa yake ya Machi na kuchomekea maelezo mapya. Watumiaji wa Instagram walioguswa, waliotajwa mwanzo kuwa makumi ya maelfu, sasa walikadiriwa kuwa mamilioni. Haikutoa taarifa mpya yenye kichwa kipya. Na siku hiyo vyombo vyote vya habari vya Marekani vilikuwa vikisubiri ripoti ya Robert Mueller kuhusu uchaguzi wa 2016, iliyotolewa asubuhi ileile. Siwezi kusema siku ilichaguliwa makusudi. Ninachoweza kusema ni kwamba mhariri anayehifadhi nakala ya taarifa jinsi ilivyokuwa siku ya kwanza ndiye anayeweza kuona kilichobadilika.

Huku kwetu maziko huwa na mtindo wake. Hii hapa chini nimeitunga mwenyewe kwa mfano wa taarifa zinazofika kwenye dawati la habari, na hakuna taasisi halisi ninayoinyooshea kidole:

"Mamlaka ya Maji imezindua kwa kishindo mfumo wa kisasa na wa kipekee wa mita za malipo ya kabla, hatua ya kihistoria itakayoleta mapinduzi katika utoaji wa huduma. Akizungumza katika hafla hiyo iliyofana, mgeni rasmi aliipongeza Mamlaka kwa ubunifu na kuwataka wananchi kutunza miundombinu. Kwa upande wake, Mkurugenzi Mtendaji alisema wamejipanga vyema kuhakikisha kila mwananchi ananufaika. Aidha, wateja watatakiwa kuchangia gharama za ubadilishaji wa mita, zoezi litakaloanza hivi karibuni katika baadhi ya maeneo, na wale ambao hawatatekeleza agizo hilo watasitishiwa huduma."

Msomaji wa Kiswahili ajue kwamba habari zetu nyingi zimelala nyuma ya "aidha", "sambamba na hayo" na "katika hatua nyingine". Mwandishi wa taarifa anaanza na mkubwa aliyekuwa jukwaani, kwa sababu mkubwa huyo ndiye atakayeisoma kwanza na kuipitisha. Mwananchi anafuata baada ya itifaki kukamilika. Ukipewa taarifa yenye haraka, ruka moja kwa moja hadi kwenye "aidha" ya mwisho na uanzie hapo.

Kisha jaribu kuandika aya ya kwanza papo hapo, ukiacha nafasi wazi pale usipojua: "Wateja wa maji wa mitaa ya ........ watalipa shilingi ........ kubadilishiwa mita kuanzia tarehe ........, na asiyelipa atakatiwa maji, imesema Mamlaka ya Maji." Nafasi hizo tatu ndizo simu utakayompigia afisa uhusiano. Na ukishampata usiishie kwenye tatu hizo. Muulize kama fedha inalipwa kwa mkupuo au itakatwa kidogo kidogo. Muulize anayelipa ni mwenye nyumba au mpangaji, maana kwenye nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja swali hilo ndilo litakalozua ugomvi uani. Muulize nani aliidhinisha. Tanzania bei za huduma ya maji hupitishwa na EWURA, na Kenya msimamizi ni WASREB. Kwa hiyo kuna ofisi ya pili ya kupigiwa simu kujua kama gharama hiyo mpya imepita huko. Neno "kuchangia" nalo lidadisiwe. Anayechangia hulipa sehemu. Kama mteja analipa gharama yote, basi analipa, na gazeti liandike "watalipa".

Vitenzi navyo vina la kusema. "Watatakiwa", "watasitishiwa": havimtaji anayetaka wala anayesitisha. Kutendwa huku kunaifanya amri ionekane kama imeshuka yenyewe. Mhariri anamrudisha mtendaji kwenye sentensi, na mara nyingi ndipo anapogundua kwamba hajaambiwa mtendaji ni nani.

Kuhusu "kishindo", "kisasa", "kipekee", "kihistoria" na "mapinduzi", funika kila moja kwa kidole uone kama sentensi imepoteza taarifa yoyote. Hapa haipotezi hata moja. Madai ya namna ya "ya kwanza Afrika Mashariki" ni tofauti kidogo, kwa sababu yanaweza kuchunguzwa. Yakithibitika yabaki, yasipothibitika yatoke. Nukuu ya mkurugenzi inatoka yote, kwani kujipanga vyema si jambo alilolifanya. Angesema, "Mita za zamani zinasoma vibaya na tunapoteza maji tusiyoyalipwa," nukuu ingebaki, maana hiyo ni sababu, nayo ilikosekana. Mgeni rasmi atatajwa pale tu alipoamua au kuahidi kitu. Najua gharama ya kumwondoa mgeni rasmi; kuna ofisi ambazo hazitamwalika tena mwandishi wako. Bado naona ni bora mpangaji ajue atakatiwa maji lini.

Na kama afisa uhusiano hapokei simu mpaka gazeti linapokwenda mtamboni? Habari itoke na ulichonacho, na sentensi moja wazi: "Mamlaka haikutaja kiasi wala tarehe." Sentensi hiyo hufanya kazi. Asubuhi yake simu ya kwanza kuingia kwenye chumba cha habari huwa ya yuleyule ambaye jana hakupokea.

Turudi kwa Facebook tumalizie. Tume ya Ulinzi wa Data ya Ireland, nchi yalipo makao ya kampuni hiyo kwa Ulaya, ilianza uchunguzi Aprili 2019. Septemba 2024 iliitoza kampuni, ambayo sasa inaitwa Meta, faini ya euro milioni 91. Makosa iliyoyakuta si ya kuhifadhi nywila vibaya pekee. Lilikuwamo pia la kutoiarifu Tume, wakati sheria ya Ulaya inataka taarifa itolewe ndani ya saa 72 baada ya kujua. "Lini" iliyopita kimya kwenye taarifa ya Machi 2019 ndiyo iliyokuja kuwa kosa la kisheria.

Kenya nayo ina kipimo hichohicho. Sheria yake ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale taarifa za mtu zinapofikiwa bila idhini na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwake. Kwa hiyo mhariri wa Nairobi akiletewa kesho taarifa ya benki au hospitali yenye kichwa cha kutuliza na neno "baadhi" ndani yake, ampigie afisa uhusiano na amuulize tarehe mbili: mlijua lini, na mlimwarifu Kamishna lini. Asipopewa, aandike kwamba hakupewa.